Matundu pembeni kwa pembeni, kwa foleni, au kwa kupishana: bamba la mvuto la 180 kwa 10

Banda lenyewe ni la kupakilia magunia, halina kuta, na liko upande wa viwanda wa Kampemba, hapa Lubumbashi. Paa lake linasukuma nguzo kuelekea nje, na kinachozuia nguzo zisifunguke ni bamba refu la chuma lililolazwa kutoka nguzo hadi nguzo, mita 18. Bamba hilo kazi yake ni moja tu, kuvutwa. Ncha zake mbili zinaunganishwa na nguzo kwa kuchomelewa, lakini katikati lina viungo viwili, kwa sababu vipande vinakuja vya mita 6 na gari halibebi kirefu zaidi. Viungo hivyo tulitaka viwe vya boliti. Umeme wa kuchomelea juu ya jukwaa, siku ya kupandisha, si kitu cha kuwekea ahadi.

Bamba lina upana wa milimita 180 na unene wa 10. Chuma ni S235, yaani kinaanza kunyooka bila kurudi kikifika 235 MPa, na kwenye hesabu kinakatika kikifika 360 MPa. Mvuto wa kuhesabia, ukiwa umeshazidishwa kwa usalama, ni 380 kN, karibu uzito wa tani 39. Kila upande wa kiungo una boliti 4 za M20, na tundu la kila moja ni milimita 22. Juu na chini ya kiungo kuna vifuniko viwili, navyo ni vya milimita 10, kwa sababu vimekatwa kwenye mabaki ya tole ileile.

Swali ni mahali pa kuweka matundu hayo manne. Kuna njia tatu ambazo fundi yeyote angezichora chini kwa chaki: mawili pembeni kwa pembeni kisha mawili nyuma yao, yote manne kwa foleni moja katikati ya bamba, au moja kushoto, moja kulia, kushoto tena, kulia tena, yakipishana. Ukiyatazama kwa macho unaona matundu manne tu. Kwa bamba lenyewe ni mambo matatu tofauti.

Kinachobaki baada ya kutoboa

Bamba lisilo na tundu lina milimita za mraba 1800 za kuvutwa. Gawa 380 kN kwa eneo hilo unapata mkazo wa 211 MPa. Iko chini ya 235, kwa hiyo bamba lote kwa urefu wake halinyooki. Hesabu hii haibadiliki hata uweke matundu wapi.

Ya pili ndiyo inayoleta ugomvi. Penye tundu hakuna chuma, na nguvu yote inabidi ipite kwenye kilichobaki pembeni. Hapo hatulinganishi tena na 235. Sababu yake ni rahisi ukiifikiria: sehemu yenye tundu ni fupi, upana wa kidole, na hata ikinyooka kidogo bamba la mita 18 halirefuki kwa kiasi ambacho nguzo itakihisi. Hatari ya hapo ni kukatika. Kwa hiyo kanuni ya Ulaya inachukua mkazo wa kukatika, inaupunguza kwa 0.9, kisha inaugawa kwa 1.25:

```
0.9 × 360 / 1.25 = 259 MPa
```

Namba hiyo 259 iweke kichwani. Makala yote ni kuona nani anakaa chini yake na nani anaivuka.

Nitaje jambo moja kabla ya kuendelea, maana mtu aliyesoma ataniuliza. Kwenye ukingo wa tundu mkazo halisi si sawa na wa wastani. Mhandisi Mjerumani Kirsch alionyesha mwaka 1898 kwamba kando ya tundu dogo kwenye bamba pana mkazo unafika mara tatu. Ni kweli, lakini chuma laini kama S235 kikifika 235 pale ukingoni kinakubali kunyooka, kinawaachia majirani mzigo, na kabla ya kukatika upana wote uliobaki unakuwa umesawazika. Ndiyo maana tunaruhusiwa kutumia wastani. Ruhusa hiyo ni ya mzigo unaotulia. Kama bamba linashika mtambo unaotikisika siku nzima, kile kilele cha ukingoni kinarudi kuwa tatizo, na hesabu yake ni nyingine.

Pembeni kwa pembeni

Huu ndio mchoro ambao mkono unauchora wenyewe. Mistari miwili, kila mmoja milimita 45 kutoka ukingo, 90 kati yao. Boliti mbili mbele, mbili nyuma, zikiachana 70. Kiungo ni kifupi na kizuri kutazama.

Kata bamba hilo kwa mawazo, mstari ulionyooka unaopita kwenye matundu mawili ya kwanza. Upana uliobaki ni 180 toa 44, yaani 136. Eneo ni 1360. Mkazo ni 380,000 gawa kwa 1360, sawa na 279 MPa. Tumevuka 259. Haifai.

Watu wengi hapo wanasema, basi tupunguze boliti. M16 ina tundu la 18, upana unabaki 144, mkazo unashuka hadi 264. Karibu, lakini bado juu, na boliti nyembamba inausukuma ukuta wa tundu kwa nguvu zaidi. Mlango huo umefungwa.

Mlango ulio wazi ni kuongeza unene. Bamba la milimita 12 linabaki na 1632, mkazo 233, na unalala usingizi. Tatizo ni kwamba unene huo hauongezi pale kwenye kiungo tu, unaongeza mita zote 18, ambazo hazikuwa na shida. Kila mita inazidi kwa kilo 2.8, jumla kilo 51 za chuma kilichonunuliwa ili kutibu sentimita chache zenye matundu. Kwa bamba fupi ningelipa bila kubishana. Kwa mita 18, hapana.

Foleni moja

Boliti zote nne katikati, zikifuatana 70 kwa 70. Sasa mkato wowote ulionyooka unapita tundu moja tu. Upana unabaki 158, mkazo ni 241. Ukiangalia namba peke yake, hii ndiyo inayoshinda, na ina nguvu kuliko ile ya kupishana. Nimeona vijana wakiishia hapo na kufunga daftari.

Angalia kingo. Boliti ikiwa katikati ya bamba la 180, kila ukingo uko mbali nayo milimita 90. Kwa chuma kinachokaa nje, kanuni ya Ulaya inataka ukingo usizidi mara nne ya unene wa bamba jembamba la nje, kisha ongeza 40. Kwa vifuniko vyetu vya 10, hiyo ni 80. Tumezidi.

Ukitaka kujua kwa nini kuna kikomo hicho, tembelea banda lolote la zamani lenye kiungo kipana kilichobanwa katikati tu. Boliti inabana eneo dogo linaloizunguka. Mbali nayo, kifuniko na bamba vimegusana lakini havijabanwa. Mvua ya Novemba hadi Machi inapigwa na upepo mpaka ndani ya banda lisilo na kuta, maji yanaingia kwenye ule mwanya usioonekana, na wakati wa kiangazi yanaacha kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma. Baada ya miaka unaingiza ncha ya kisu pale ambapo zamani hata karatasi haikupita, na ukingo wa kifuniko umeinuka kama mdomo. Huwezi kupaka rangi mle ndani tena.

Ungeweza kupunguza upana wa bamba liwe 160 ili ukingo ubaki 80 na kanuni iridhike. Lakini upana unaobaki unakuwa 138, na mkazo unapanda hadi 275. Foleni moja inafaa kwenye bamba jembamba kwa upana na nene kwa unene. Kwenye letu haifai.

Kupishana

Rudi kwenye mistari miwili, 45 kutoka kila ukingo, 90 kati yao. Safari hii boliti ya kushoto inatangulia, ya kulia inafuata milimita 65 nyuma yake, ya kushoto inayofuata 65 nyuma ya hiyo, na ya nne 65 tena. Kingo ziko 45, sawa kabisa. Mkato ulionyooka unapita tundu moja, upana 158, kama kwenye foleni.

Ila chuma hakina wajibu wa kukatika kwa mstari ulionyooka. Kinaweza kuanza ukingo wa kushoto, kikaingia tundu la kwanza, kikakata mshazari hadi tundu la pili, kikatokea ukingo wa kulia. Njia hiyo inapoteza matundu mawili lakini inapata urefu wa mshazari. Ipi itashinda? Jibu tunalotumia mpaka leo liliandikwa na mhandisi Cochrane mwaka 1922, enzi za ribiti: toa matundu yote yaliyo njiani, kisha kwa kila kipande cha mshazari rudisha

```
s² / 4p
```

Hapo s ni mpishano, yaani umbali wa kituo cha tundu hadi kituo cha tundu ukipima kwa kufuata mwelekeo wa mvuto, na p ni nafasi kati ya mistari ukipima kwa kukatiza bamba. Kwenye michoro ya Kimarekani hiyo p utaikuta imeandikwa g. Ni kitu kilekile.

Kwetu: 65 mara 65 ni 4225, gawa kwa 360, unapata 11.7. Upana wa njia ya mshazari ni 180 toa 44, ongeza 11.7, sawa na 147.7. Mkazo ni 257 MPa. Uko chini ya 259. Na kwa kuwa 147.7 ni ndogo kuliko 158, njia ya mshazari ndiyo inayoamua, si ile iliyonyooka. Lazima upime zote mbili kila mara na kuchukua iliyo dhaifu.

Sasa, kwa nini isiwe urefu halisi wa mshazari? Mhandisi mmoja kijana alinijia na mita yake ya mkanda. Alipima kati ya vituo viwili vya tundu: 111. Kati ya mistari: 90. "Vyee, tumepata 21 za bure," akaniambia, "si hizo 11 zako." Kwa hesabu yake upana ulikuwa 157, karibu sawa na kwenye foleni. Kosa lake ni la watu wengi, kwa sababu mkanda haudanganyi: chuma cha mshazari kweli kina urefu wa 111. Lakini chuma hicho hakivutwi tu, kinatelezeshwa pia, upande mmoja ukitaka kupita mwingine, na chuma kwenye kuteleza ni dhaifu: kinaanza kulegea kwenye karibu 0.58 ya kile kinachokilegeza kwenye kuvutwa. Kwa hiyo milimita ya mshazari si sawa na milimita iliyonyooka. Kanuni ya Cochrane, mpishano ukiwa mdogo, inakurudishia karibu nusu ya kile mkanda unachokuonyesha. Jaribu mwenyewe na mpishano wa 20: mkanda unasema umepata 2.2, kanuni inasema 1.1.

Hapo kwenye 20 kuna somo lingine. Mpishano unaingia ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo mdogo hauna maana kabisa. Kwa mistari yetu ya 90, mpishano wa 20 unarudisha milimita 1.1, wa 40 unarudisha 4.4, wa 65 unarudisha 11.7, na ukifika 89 unarudisha 22, yaani tundu zima. Kuanzia hapo njia ya mshazari haina nguvu ya kuamua tena, na kuongeza mpishano zaidi ni kurefusha kiungo bure. Na mistari ikikaribiana, kazi inakuwa rahisi: kama ingekuwa 60 kati yake badala ya 90, mpishano wa 73 tu ungetosha kufuta tundu la pili lote. Sikuisogeza kwa sababu ya kingo na kwa sababu ukuta wa tundu unapoteza nguvu boliti zikikaribiana kwa upana.

Basi kwa nini 65 na si 89? Kwa sababu ya maji yaleyale. Kwenye mstari mmoja boliti zinaachana mara mbili ya mpishano. Kanuni inataka umbali huo, kwenye mstari wa nje wa bamba linalovutwa, usizidi mara 14 ya unene: kwetu 140. Mpishano basi hauwezi kuzidi 70. Kwa upande wa chini, nguvu inataka angalau 62. Tuna dirisha la milimita 8 tu, na 65 iko ndani yake. Vifuniko vingekuwa vya milimita 6, umbali ungeishia 84, mpishano 42, na kupishana kungekufa pale pale.

Kitu kimoja kinachosahaulika: idadi ya boliti iwe shufwa. Zikiwa nne, mbili kushoto na mbili kulia, mvuto unapita katikati ya bamba. Zikiwa tatu, mbili zinakuwa upande mmoja, kitovu cha boliti kinahama milimita 15 kutoka katikati, na bamba lililohesabiwa kwa kuvutwa tu linaanza kupindwa.

Zikiwekwa pamoja

| | Pembeni kwa pembeni | Foleni moja | Kupishana kwa 65 |
|---|---|---|---|
| Upana uliobaki (mm) | 136 | 158 | 147.7 |
| Mkazo (mwisho 259 MPa) | 279 | 241 | 257 |
| Ukingo (mwisho 80 mm) | 45 | 90 | 45 |
| Urefu wa kila kifuniko (mm) | 330 | 610 | 580 |

Urefu wa vifuniko nimehesabu ncha ya 45 kila upande na pengo la 10 katikati. Kupishana kunadai milimita 250 zaidi kwa kila kifuniko kuliko pembeni kwa pembeni. Vifuniko viwili kwa kila kiungo, viungo viwili: kilo 14 za ziada. Linganisha na kilo 51 za kunenepesha bamba lote. Kila kiungo cha kupishana kinakula kilo 7, na milimita mbili za unene zinakula kilo 2.8 kwa mita, kwa hiyo mpaka uko karibu na mita mbili na nusu za bamba kwa kila kiungo. Chini ya hapo nenepesha na uweke matundu pembeni kwa pembeni, utamaliza mapema. Letu lina mita 9 kwa kiungo. Nilichagua kupishana.

Mtu atasema 257 chini ya 259 ni kubana mno. Kwenye karatasi sioni ubaya, usalama umeshaingia kwenye 380 na kwenye 1.25. Kwenye ateliye ndipo ninapokuwa na wasiwasi, na sababu ninayo.

Milimita 65 zilizosomwa vibaya

Miaka michache nyuma, kazi kama hii, ateliye nyingine. Mchoro niliupeleka mimi. Niliandika 65 na mshale mmoja mfupi, na sikuonyesha wazi mshale unatoka wapi kwenda wapi. Nilipofika, mabamba mawili ya kwanza yalikuwa yameshatobolewa, safi kabisa, matundu ya perseze, ile mashine ya kutobolea, yenye kingo zinazong'aa. Yalikuwa yanapishana, kweli. Lakini kitu kilinikwaza machoni, kiungo kilikuwa kifupi.

Fundi mkuu, mzee ambaye amefanya chuma kabla mimi sijazaliwa, alikuwa amesoma 65 kama umbali kati ya boliti mbili za mstari mmoja. Mpishano wenyewe ukawa nusu, 32.5. "Shefu, miye nilifwata tu plani," akaniambia, na akaweka kidole juu ya mshale wangu. Nikauangalia. "Njo vile, Papa. Kosa ni ya plani."

Mpishano wa 32.5 unarudisha milimita 2.9. Upana 138.9, mkazo 274. Yaani bamba linaonekana la kupishana, na nguvu yake ni karibu ile ya pembeni kwa pembeni. Hilo ndilo linalonitisha kuhusu kupishana: kosa halionekani. Matundu mawili yaliyo sambamba kila mtu anayaona kuwa sambamba.

Kuongeza vifuniko vinene kusingesaidia, kwa sababu kinachokatika ni bamba lenyewe, si kifuniko. Kuchomelea matundu kuyajaza na kutoboa upya sikukubali. Tulikata ncha zote mbili zenye matundu, karibu milimita 190 kila moja, tukatoboa upya kwenye chuma kizima, na pengo lililobaki kati ya mabamba tukalijaza kwa kipande cha unene uleule ili maji yasipate nyumba. Vifuniko vikarefuka kwa kiasi hicho. Kwenye pengo ni vyenyewe tu vinavyobeba mvuto wote, lakini viwili vya 10 ni 20, wanaweza.

Tangu siku hiyo siandiki tena mpishano peke yake. Kwenye mchoro naandika vipimo vya kila tundu kutoka ncha ya bamba: 45, 110, 175, 240. Na pembeni naandika namba moja ya ukaguzi, ile ambayo kijana wangu alidhani ni faida: 111. Ni umbali wa mshazari kutoka kituo hadi kituo. Kituo cha tundu huwezi kukishika kwa mkanda, lakini ukipima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa la pili, ukifuata mshazari na kukata kila tundu pale pale, unapata umbali huohuo. Ikisoma 111, mpishano ni 65. Ikisoma 96, mtu amesoma mshale vibaya tena. Inachukua sekunde kumi na haihitaji mhandisi.

Cha pili cha kupima ni tundu lenyewe. Kwenye ateliye nyingi za hapa, perseze ikiwa na foleni ndefu, mtu anachukua shalumo na kuyachoma. Tundu la shalumo halitoki la 22. Ingiza kalipa utakuta 24, 25, tena lenye meno ukingoni. Yakiwa 25, njia ya mshazari inapoteza milimita 6: upana 141.7, mkazo 268, tumevuka. Mpishano hauwezi kuokoa hilo, kwa sababu s²/4p haijui tundu lina ukubwa gani. Hata tundu la kupigwa kwa ponsi linaacha chuma kilichochoka pembeni yake, na Wamarekani kwenye hesabu zao huongeza milimita 2 kwa kila tundu kwa ajili ya uharibifu huo. Kwa bamba lililobana kama hili nadai perseze, na gabari moja ya bati iliyotobolewa kwanza na kukaguliwa, ndiyo mabamba yote na vifuniko vyote vitobolewe kwayo. Gabari nayo inaandikwa "JUU" upande mmoja kwa rangi. Ukiigeuza, boliti ya kushoto inakuwa ya kulia, kifuniko hakikutani na bamba, na siku ya kupandisha utamkuta mtu juu ya jukwaa anapanua matundu kwa shalumo ili boliti ipite.

Mabamba ya Kampemba yalitobolewa Jumanne. Nilipita na kalipa na mkanda: matundu 22 kasoro kidogo, mishazari yote 111, isipokuwa mmoja uliosoma 112. Nikauzungushia chaki, nikapiga hesabu juu ya bamba hilohilo, mpishano karibu 67, bado ndani ya dirisha. Nikaufuta.